Dirisha nalo ni kioo, mbona halitoi rangi?

Jaji hata hakungoja mpwa wangu amalize hotuba yake ya jinsi mche, kile kipande cha kioo cha pembe tatu, unavyotoa rangi. Ndo kwanza amefika pale kwenye "na kioo huugawanya mwangaza mweupe kuwa rangi saba", mzee akainua mkono akamuuliza, "Binti, dirisha hilo nyuma yako si kioo? Jua lapita hapo tangu asubuhi, mbona sakafuni ni peupe tu?" Binti akasimama pale na karatasi yake mkononi, kimya, alafu akasema ahsanteni akashuka. Hiyo ilikuwa mchujo wa shule tu, ile kongresi yenyewe ya sayansi ilikuwa wiki tatu mbele, lakini alirudi nyumbani amevimba uso kama aliyeumwa na nyuki.

Mie kazi yangu ni kusaga lenzi za miwani hapa Malindi, kwa hivo aliponiletea hotuba nikaisoma nikaona kosa liko wapi. Alikuwa hajasema uongo. Alikuwa amesema robo ya ukweli, ile robo inayokaa kwenye vitabu vingi vya shule na kwenye mabango ya ukutani, kwamba kioo ndicho kinachogawa rangi. Jaji alikuwa na haki kabisa kumuuliza. Kioo peke yake hakitoshi, kinachofanya kazi ni kioo PAMOJA NA umbo lake, na ukilielewa swali la dirisha basi mche umeshauelewa wote, manake majibu ni hayo hayo.

Tuanze na kupinda, lakini tusikae sana hapo. Mwangaza hewani waenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiingia kwenye kioo cha kawaida cha maabara unapungua hadi kama 198,000. Ukiingia wima kabisa, sawa, unapungua tu na kuendelea mbele moja kwa moja. Ukiingia kimshazari ndo unapinda. Mpwa wangu kwenye hotuba alikuwa na ule mfano wa mkokoteni, na ni mfano mzuri, hamali anausukuma kwenye lami alafu anaukata kona kuingia mchangani kimshazari, gurudumu la kwanza kugusa mchanga linakwama kidogo la pili bado liko lamini linakimbia, mkokoteni wote unageuka. Poa. Lakini nikamuuliza, sasa hapo rangi ziko wapi? Mkokoteni mmoja umepinda, bado ni mkokoteni mmoja. Mfano ule unaeleza kupinda hauelezi kugawanyika, na watoto wengi wanauacha hapo wakidhani wamemaliza.

Kinachokosekana ni hiki: kioo hakizipunguzi rangi zote sawa. Nyekundu ya mwisho kabisa ambayo jicho laona inapita kwenye kioo kile kwa kilomita kama 198,100 kwa sekunde, zambarau inapita kwa kama 195,800. Tofauti ni kidogo sana, asilimia moja na kitu. Lakini ni tofauti ya kweli, na kwa vile kupinda kunategemea kasi imepungua kiasi gani, zambarau inapinda zaidi kuliko nyekundu, na zengine zote zinajipanga hapo katikati.

"Na kwa nini zambarau ndo icheleweshwe zaidi mjomba?" Hapo nilifurahi manake hilo ndilo swali ambalo jaji mkali angeuliza pia.

Nikamwambia akumbuke mapembea ya Idi. Pembea ina mwendo wake, kila moja ina mdundo wake wa kwenda na kurudi, na ukiisukuma polepole sana kuliko mdundo huo inasogea kidogo tu kufuata mkono wako, basi. Ukianza kuharakisha misukumo yako kukaribia mdundo wake, inaitika zaidi na zaidi. Sasa ndani ya kioo kuna elektroni zimeshikiliwa na atomi zake kama pembea zilivyoshikwa na kamba, na mwangaza ni mtikisiko, unapopita unazisukuma. Mdundo wa asili wa hizo elektroni uko juu sana, juu ya zambarau, kule kwenye miale ambayo jicho haioni tena. Nyekundu inatikisika kama mara trilioni 430 kwa sekunde, zambarau kama trilioni 750, kwa hivo zote mbili ziko chini ya mdundo wa kioo lakini zambarau iko karibu zaidi. Elektroni zinaiitikia zaidi, zikiitika nazo zinatoa mawimbi yao madogo yanayochanganyika na wimbi lililozisukuma, na jumla ya mchanganyiko huo ndo inayosafiri polepole. Kadiri elektroni zinavyoitika, ndivyo mwangaza unavyozidi kucheleweshwa. Ukipanda zaidi ukaufikia mdundo wenyewe, kioo hakipitishi tena, kinaumeza ule mwangaza, na ndo maana ile miale mikali ya jua inayounguza ngozi haipiti vizuri kwenye kioo cha dirisha. Kumeza kule na kuchelewesha huku ni jambo moja.

Haya, sasa turudi kwa mzee na dirisha lake.

Kioo cha dirisha kina nyuso mbili zilizo sambamba. Mwangaza wa jua unaingia uso wa kwanza kimshazari, unapinda, na ndio, HAPO HAPO rangi zinagawanyika, nyekundu inaenda njia yake na zambarau njia yake, tena hili watu hawalijui, wanafikiri dirisha haligawi rangi kabisa. Linagawa. Lakini zikifika uso wa pili zinatoka kioo kwenda hewani, na huko zinapinda upande wa pili, na kwa vile uso wa pili uko sambamba na wa kwanza, kila rangi inapinduliwa kiasi kile kile ilichopindwa mwanzo. Aliyepinda sana anarudishwa sana, aliyepinda kidogo anarudishwa kidogo. Zote zinatoka zimeelekea njia moja tena. Tukafanya hesabu kwa kioo cha milimita 5, jua likiingia kwa mshazari wa digrii 49: nyekundu na zambarau zinatoka zimeachana milimita 0.03 hivi, chini ya unene wa unywele, na hazizidi kuachana hata ukienda kilomita, manake ziko sambamba. Na jua halitumi mwale mmoja, linatuma miale pembeni ya miale, nyekundu ya mmoja inaangukia zambarau ya jirani yake, zinachanganyika, sakafu inabaki nyeupe. Ndo jibu la mzee.

Mche unachofanya ni kuuinamisha uso wa pili. Hiyo tu. Mche wetu wa maabara ni ule wa pembe tatu sawa, kila pembe digrii 60, kwa hivo uso wa kutokea umeelekea kwengine kabisa, na mwangaza ukitoka unapinda tena kuelekea kwenye kitako, upande ule ule ulioanza kupinda, haurudishwi. Kupinda kwa kwanza kunaongezewa na kwa pili.

Tukapiga hesabu yote mezani kwa kikokotoo cha simu, na naiweka hapa kwa vile bila namba mtu anabaki na picha tu. Kila rangi ina namba yake kwenye kioo, inayosema mwangaza umepunguzwa mara ngapi: kwa kioo kile nyekundu ni 1.513 na zambarau 1.531. Kanuni ni ya Sneli ile ya shuleni,

sin i = n × sin r

ambapo i ni mshazari wa nje na r wa ndani, yote ikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo. Tuseme mwangaza unaingia kwa digrii 49.3. Ndani, nyekundu inakuwa digrii 30.1 na zambarau 29.7, yani zimeachana kwa digrii 0.4 peke yake, huwezi kuiona kwa macho ndani ya kioo. Kisha uso wa pili. Ukimaliza hesabu, nyekundu imepindwa jumla digrii 38.3 kutoka njia yake ya mwanzo, na zambarau digrii 39.9. Angalia hapo. Mche umeusukuma mwangaza wote karibu digrii 39, lakini tofauti kati ya rangi na rangi ni digrii moja na nusu na kidogo. Kwa hivo ile picha ya bango ambapo rangi zinafunguka kama kipepeo mara tu zikitoka ni uchoraji, tena wengine wanachora mwale mweupe mpaka uso wa pili ndo rangi zianze, hiyo ni makosa, zinaanza kuachana pale pale zinapoingia.

Digrii moja na nusu inakuwa sentimita ngapi? Inategemea ukuta uko mbali kiasi gani. Kwa mita 1 ni sentimita 2.8, kwa mita 2 ni sentimita 5.6. Hizo sentimita chache ndo upinde wako wote wa rangi. Hapa ndipo lilipotufika.

Siku ya kwanza tulichukua mche tukauweka dirishani juani tukangoja maajabu. Tukapata doa jeupe ukutani, lenye ukingo wa nyekundu na manjano upande mmoja na ukingo wa buluu na zambarau upande wa pili. Kijani hakuna kabisa. Binti akasema mche ni mbovu. Mche si mbovu, fikiria: uso wa mche una upana wa sentimita 3, jua linaingia kote, na ukuta ulikuwa mita 1 kutoka hapo. Kila ukanda mwembamba wa mwangaza unatoa upinde wake wa sentimita 2.8, na pinde hizo zote zimelaliana, katikati kila rangi inapata mwenzake na kuwa nyeupe tena, kwenye kingo tu ndo kuna rangi isiyo na wa kuilalia. Ukiona katikati peupe na rangi kingoni, basi jua mwangaza wako ni mpana mno au ukuta uko karibu mno. Dawa ni upenyo. Tulichukua kadibodi ya katoni, tukachana mfereji wa milimita 2 kwa wembe, tukauweka mbele ya mche, na kijani ikatoka.

Jengine ni kuuzungusha mche. Ukiushika ovyo utapata doa jeupe limeruka huko darini au ukuta mwengine, halina rangi hata kingoni, na mtu anachanganyikiwa. Hilo ni kwa vile mwangaza umeingia karibu wima mno, kwa kioo chetu ukiingia kwa chini ya digrii 29 hivi haziwezi kutoka uso wa pili, zinagonga na kurudishwa ndani kama kwenye kioo cha kujitazamia, alafu zinatokea uso wa tatu. Na kwa mche wa pembe sawa, njia hiyo ya kugonga na kutokea hesabu yake ni ile ile ya kioo cha dirisha, kilichogawanywa kinarudishwa. Kumbe mche nao waweza kuwa dirisha ukiushika vibaya! Hiyo tukaiweka kwenye hotuba moja kwa moja, kumjibu yule mzee kwa mche wenyewe.

Uzungushe polepole huku ukiangalia upinde ukutani. Utauona unasogea, unasogea, alafu unasimama, na ukiendelea kuzungusha upande huo huo unaanza kurudi ulikotoka. Pale pale unaposimama ndo mahali pa kuufunga kwa selotepu. Hapo ndani ya kioo mwangaza unapita sambamba na kitako, na hata mkono ukitetemeka kidogo upinde hausogei sana.

Taa gani? Alitaka tochi ya simu kwa vile ukumbini huenda hakuna jua. Tukajaribu usiku, na upinde wa tochi ni wa ajabu kidogo: buluu kali, alafu pengo lenye giza hafifu pale ambapo ingekuwa buluu inayoelekea kijani, alafu kijani na manjano pana, nyekundu chache. Hiyo si kasoro ya mche, ni mche unakusema ukweli kuhusu tochi. Taa nyeupe ya simu ndani yake ni taa ya buluu iliyopakwa unga wa manjano juu, unga unameza sehemu ya buluu na kuitoa upya kama kijani, manjano na nyekundu, na macho yetu yanajumlisha na kuona nyeupe. Balbu ya zamani ya waya inatoa rangi zote bila pengo lakini upande wa buluu ni dhaifu. Jua ndo jua. Ila jua la hapa kwetu lina ujanja wake, ukingoja saa sita mchana liko juu ya paa, haliingii dirishani, kwa hivo sie tulifanya saa mbili asubuhi kwenye dirisha linaloelekea baharini. Na halikai, lahama digrii 1 kila dakika 4. Hotuba ya dakika 5 ukuta ukiwa mita 2, upinde umehama kama sentimita 4 na pengine mwangaza umeshatoka kwenye mche kabisa. Lazima mtu asimame hapo kazi yake kurekebisha. (Na asichungulie jua kupitia mche, hata siku moja, jicho halina spea.)

Rangi saba sasa. Nilimwambia aitoe hiyo saba au aiseme kwa adabu. Aliyezifanya saba ni Nyutoni, yule Mwingereza, na aliipenda saba kwa vile alizilinganisha na noti saba za muziki. Ukuta hauna mistari ya mpaka. Nyekundu inayeyuka kuwa chungwa na chungwa kuwa manjano bila kukuaga, na mie sijawahi kukutana na mtu aliyenionyesha nili inaanzia wapi na kuishia wapi. Na tazama majina yenyewe tuliyo nayo: manjano ni kile kiungo cha jikoni, kijani ni majani, chungwa na zambarau ni matunda, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Sie tumekuwa tukizitaja rangi kwa vitu tulivyoviona, si kwa kuhesabu. Mtu wa maabara hasemi jina, anasema urefu wa wimbi, kutoka kama nanomita 400 upande wa zambarau hadi kama 700 upande wa nyekundu, na kila namba hapo katikati ni rangi.

Kulikuwa na swali la pili ambalo jaji hakuliuliza lakini nilijua atakayekuja baadaye ataliuliza, nalo ni gumu kuliko la kwanza: utajuaje kwamba rangi zilikuwemo ndani ya mwangaza, na si kioo ndicho kinachozitia? Kama kitambaa cheupe ukikitia kwenye rangi. Msicheke, wasomi wa Ulaya kabla ya Nyutoni wengi waliamini kitu kama hicho, kwamba nyeupe ndo safi na rangi ni mwangaza uliochafuliwa, na kwa mche maelezo yalikuwa rahisi, upande wa ncha kioo chembamba, upande wa kitako kioo kinene.

Nyutoni akaiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi, mwaka 1672 alivyolishughulikia. Alitoboa tundu la kama milimita 6 kwenye kibao cha dirisha, akaweka mche, ukuta ukiwa futi 22 mbali, kama mita 6.7. Kwa kanuni zilizokuwa zikikubalika wakati ule alitarajia doa la duara, kama jua lenyewe. Akapata doa refu, urefu sentimita 34 na upana kama 7, mara tano. Akajaribu kupitisha mwangaza pembe nyembamba ya kioo na pembe nene, hakuna kilichobadilika, kwa hivo unene ukatoka kwenye orodha. Kisha akafanya lile jaribio ambalo mwenyewe aliliita la kukata shauri: akaweka kibao chenye tundu, akaruhusu rangi moja tu ipite, ikaenda kwenye mche wa PILI. Kama kioo ndo kinachotia rangi, mche wa pili ungetia tena. Haukutia. Nyekundu iliingia nyekundu ikatoka nyekundu, ikapindwa kidogo. Buluu ikatoka buluu, ikapindwa zaidi. Kila rangi na kiasi chake cha kupinda, na haiachi.

Tukalifanya sebuleni. Mche wa pili tuliazima kwa mwalimu, wa kwanza dirishani, kadibodi ya pili mita 1 na nusu mbele ikiwa na upenyo wa milimita 3 pale kijani inapoangukia. Kijani ikapita, ikaingia mche wa pili, ikatoka... kijani, yenye ukingo wa manjano upande mmoja na buluu kidogo upande wa pili. Binti akaniangalia. Hii hapa ndo sehemu ambayo wengi wangeificha, na mie nikamwambia aiseme. Jua si nukta, lina upana wa nusu digrii angani, kwa hivo kila rangi ukutani ni doa lenye upana wake, kwa mita 1 na nusu ni sentimita 1.4, wakati upinde wote umetawanyika sentimita 4. Yani madoa ya rangi jirani yamelaliana sana na upenyo wetu wa kijani ulikuwa umebeba kijani pamoja na majirani zake wawili. Mche wa pili ukawatenganisha hao. Haukutengeneza kitu, hatukuona nyekundu wala zambarau hata chembe, na kama kioo ndicho kinachopaka rangi tungeziona zote. Tuliporudisha kadibodi hadi mita 3, chumba kizima, kingo zile zikapungua kidogo tu, manake doa la jua nalo linakua kadiri unavyokwenda mbali.

Jaribio la kurudisha ndo lilimfurahisha zaidi. Unauchukua mche wa pili unaugeuza juu chini, unauweka karibu kabisa na wa kwanza, nyuso zao za ndani zikitazamana sambamba. Rangi zinaingia, zinatoka nyeupe. Mwenyewe akagundua kabla sijasema: "Mjomba, hizi mbili pamoja ni dirisha." Na ni kweli kabisa, miche miwili iliyopinduliwa ina uso wa kwanza na wa mwisho sambamba, ni dirisha nene lenye ufa wa hewa katikati.

Basi hotuba ikaandikwa upya na ikaanza na swali la yule mzee, sio na Nyutoni wala na upinde wa mvua. Siku yenyewe ukumbi ulikuwa na jua la upande mmoja, mwenzake akashika kioo cha kujitazamia nje ya dirisha kuuelekeza mwangaza ndani, mikono ikawa inamtetemeka na upinde ukacheza ukutani kama kuku aliyekatwa, lakini ulikuwepo, na kijani yake ilikuwepo.

Jaji safari hii alikuwa mama mmoja mwenye miwani mizito. Hakuuliza dirisha. Akavua miwani yake akasema, "Mimi nikiangalia taa kwa pembeni ya lenzi hii naona mstari wa buluu upande mmoja na wa chungwa upande mwengine. Nikienda kulalamika naambiwa nitazoea. Ni hiyo hiyo yako?"

Mpwa wangu akanitafuta kwa macho kule nyuma, nikatazama chini. Alafu akajibu, na akajibu sawa. Lenzi ya mtu asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene ukingoni, nyuso zake katikati ziko karibu sambamba kwa hivo hapo ni dirisha, lakini kadiri unavyokwenda pembeni nyuso zinainamiana, na hapo ni mche. Baadaye nilimpigia mama yule hesabu yake, kwa vile hiyo sasa ni kazi yangu. Lenzi yake ni namba 6 ya kutoa, na akiangalia sentimita 1.5 kutoka katikati, lenzi inausukuma mwangaza sentimita 9 kwa kila mita 1. Ile plastiki ngumu isiyovunjika waliyomuuzia inatawanya rangi kiasi cha sehemu moja kwa 30 ya msukumo huo, yani milimita 3 kwa mita, jicho linaiona hiyo bila taabu. Plastiki ya kawaida ni sehemu moja kwa 58, milimita 1.6 hivi. Itakuwa nene kidogo na si ngumu kama ile, lakini mama mwenyewe alisema yeye hachezi mpira. Nimemsagia. Fremu nimemchagulia ndogo, ili jicho lisifike mbali na katikati.